Bei Inapogota Kwenye Sifuri

Jumanne ya tarehe 12 Julai 2022, yuro ilishuka hadi ikawa sawasawa na dola ya Marekani: 1.0000. Ilikuwa haijafika hapo tangu Desemba 2002. Kwa miezi mingi ilikuwa ikiteremka, na sababu zilijulikana: vita vya Ukraine, gesi iliyopanda bei Ulaya nzima, na benki kuu ya Marekani iliyokuwa ikipandisha riba kwa kasi kuliko wenzake. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo iliyokuwa imekwisha asubuhi ile. Lakini yuro ilipoigusa 1.0000 ilikwama, ikarudi juu.

Kesho yake Marekani ilitangaza mfumuko wa bei wa asilimia 9.1. Habari ya namna hiyo huipa dola nguvu, kwa sababu inaashiria riba kupanda zaidi. Yuro ikachungulia chini ya mstari, ikaonekana 0.9998, halafu ikarudi tena juu. Ni Alhamisi, siku ya tatu, ndipo mstari ulipokatika kwelikweli, na yuro ikateleza hadi 0.9952.

Kiuchumi, kati ya 1.0003 na 0.9997 hakuna kitu. Mfanyabiashara wa Marekani mwenye bili ya yuro 100,000 kutoka Ujerumani angeona tofauti ya dola 60 tu, ambazo hazimfanyi abadili uamuzi wowote. Basi nini kiliikamata bei siku mbili mahali ambapo uchumi hauna habari napo?

Jibu halimo kwenye uchumi wala kwenye chati. Limo kwenye oda, yaani maagizo ya kununua na kuuza ambayo watu wameyaweka mapema na kuyaacha yasubiri. Oda hizo hazikutawanyika sawasawa kwenye ngazi ya bei. Zimerundikana kwenye namba zinazoishia na sifuri, na zimerundikana kwa mpangilio wenye mantiki yake. Anayeuelewa mpangilio huo ataelewa ni kwa nini bei hiyohiyo moja inaweza kuwa ukuta leo na mteremko kesho.

Oda za aina mbili

Aliyewahi kufungua programu ya biashara ya fedha za kigeni kwenye simu, kama MetaTrader ambayo vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaitumia, ameviona visanduku viwili: TP na SL. TP ni oda ya kuchukua faida. SL ni oda ya kukata hasara. Zote mbili husubiri bei ifike mahali fulani ndipo zitekelezwe, na kwa hiyo watu huzichukulia kama pacha. Sokoni, hata hivyo, zinafanya kazi zinazopingana.

Chukua mtu aliyeuza yuro kwa 1.0500 akitarajia itashuka. Ili afunge biashara yake na kuondoka na faida, lazima ainunue yuro ile tena. TP yake akiiweka 1.0000, bei ikishuka hadi hapo yeye anakuwa mnunuzi. Bei inashuka, yeye ananunua: oda yake inakwenda kinyume na mwendo wa bei, na kwa kiasi chake inaupunguza.

Sasa chukua mtu aliyenunua yuro kwa 1.0100 akiamini imeshuka vya kutosha. Huyu anaogopa isije ikaendelea kushuka, hivyo anaweka SL mahali fulani chini. Bei ikifika hapo, yuro zake zinauzwa. Bei inashuka, yeye anauza: oda yake inafuata mwendo wa bei na kuuongezea nguvu.

Hivyo rundo la TP hufanya kazi ya breki, na rundo la SL hufanya kazi ya mafuta. Kama marundo hayo mawili yangekaa mahali pamoja, yangekuwa yanafutana. Hayakai pamoja, na hilo ndilo jambo la kuangalia.

Daftari la benki moja

Kwa muda mrefu hayo yalikuwa maneno ya madalali tu. Soko la fedha za kigeni halina jengo moja wala daftari moja. Kila benki huona oda za wateja wake na huzificha. Mchumi Carol Osler, aliyewahi kuwa mtafiti katika Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, alipata nafasi adimu ya kuzisoma oda za wateja wa benki moja kubwa, kuanzia Agosti 1999 hadi Aprili 2000. Zilikuwa oda 9,655 zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 55, katika jozi tatu: dola na yeni, dola na pauni, dola na yuro. Matokeo aliyachapisha mwaka 2003.

Njia yake ilikuwa nyepesi kuielewa. Tazama tarakimu mbili za mwisho za kila oda. Zipo mia: kuanzia 00 hadi 99. Kama watu wangechagua bila upendeleo, kila mwisho ungepata oda moja katika kila mia. Mwisho wa 00 ulipata mara kadhaa ya hapo. Ulifuatiwa na 50, kisha miisho mingine ya sifuri na ya tano.

Hilo la 00 lilitarajiwa. Lenye uzito zaidi lilikuwa tofauti kati ya aina mbili za oda. TP zilirundikana juu ya namba yenyewe. SL zilirundikana ng'ambo yake kidogo: za kuuza chini tu ya 00, za kununua juu tu ya 00. Breki ziko kwenye mstari, mafuta yako hatua chache baada yake. Osler alieleza kuwa mpangilio huo unaweza kuwa sababu ya mambo mawili ambayo wasoma chati wamekuwa wakiyasema miaka nenda miaka rudi bila ya kuyathibitisha: kwamba bei hupenda kugeuka kwenye ngazi fulani, na kwamba ikishazivuka ngazi hizo hukimbia.

Kwa nini watu huchagua sifuri

Sababu ya kwanza ni uvivu wa akili, na si tusi. Anayeuza pikipiki iliyotumika hasemi anataka shilingi 1,483,200. Husema milioni moja na nusu, kisha mazungumzo yanaanza. Hajui thamani ya pikipiki yake kwa usahihi wa shilingi mia mbili, na namba anayoitaja ina usahihi unaolingana na anachokijua. Mkuu wa fedha wa kampuni inayohitaji yuro mwezi ujao yuko vivyo hivyo. Anapiga simu benki anasema: "Ikifika moja kamili, ninunulieni milioni tano." Hana sababu ya kusema 1.0013.

Sababu ya pili ni mikataba ya opsheni. Opsheni humpa mwenye nayo haki ya kununua au kuuza sarafu kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, na bei hizo mara nyingi huandikwa kwa namba zinazoishia na sifuri. Ipo pia opsheni yenye kizingiti: inalipa kiasi fulani kwa sharti kwamba bei isiguse kiwango kilichotajwa hadi tarehe ya mwisho. Mwenye mkataba unaokufa yuro ikigusa 1.0000 ana kila sababu ya kununua yuro ikiwa 1.0010, ili kukilinda kizingiti chake. Kizingiti kikishaguswa mkataba umekufa, na mlinzi hana tena cha kulinda. Mnunuzi mmoja mkubwa anaondoka sokoni dakika ileile.

Sababu ya tatu ndiyo inayoeleza kwa nini SL hukaa ng'ambo. Mtu aliyenunua yuro juu ya 1.0000 anajua kuwa wanunuzi wengi wanasubiri kwenye 1.0000. Hana haja ya kuuza kabla hawajajaribu bahati yao. Atauza pale tu itakapodhihirika kuwa wameshindwa, yaani bei ikishapita. Kwa hiyo anaweka 0.9990 au 0.9980. Ni uamuzi wa busara kwa mtu mmoja mmoja. Tatizo ni kwamba wengine wote wameufikia uamuzi huohuo kwa busara ileile, na sasa wamesongamana kwenye mlango mmoja.

Jinsi ukuta unavyochakaa

Tuutazame mpangilio huo ukifanya kazi. Namba hizi nimezibuni ili hesabu ionekane; ni mamilioni ya yuro, na bei ya sasa ni 1.0030.

| Bei | Wanaosubiri kununua | SL za kuuza |
|---|---|---|
| 1.0000 | 80 | 0 |
| 0.9995 | 5 | 20 |
| 0.9990 | 10 | 25 |
| 0.9985 | 10 | 15 |

Siku ya kwanza wanakuja wauzaji wenye yuro milioni 50. Bei inashuka hadi 1.0000, inakutana na wanunuzi wa milioni 80, na wauzaji wanakwisha kabla ya wanunuzi. Bei inapanda hadi 1.0040. Kwenye chati kunaonekana mshumaa wenye mkia mrefu chini, na watu wanaandikiana kuwa ngazi imeshikilia. Ni kweli imeshikilia, lakini imebaki na milioni 30.

Siku ya pili wanakuja wauzaji wa milioni 40, pungufu kuliko wa jana. Wanamaliza milioni 30 zilizobaki kwenye 1.0000, na milioni 10 zinakosa mnunuzi hapo. Zinateremka hadi 0.9995, zinapata wanunuzi wa milioni 5 tu. Lakini kufika 0.9995 kumeamsha SL za milioni 20. Sasa zinazotafuta mnunuzi ni milioni 25. Kwenye 0.9990 kuna wanunuzi wa milioni 10. Zinabaki 15, na SL nyingine za milioni 25 zinaamka: jumla 40. Kwenye 0.9985 wanunuzi 10 wanachukua sehemu yao, zinabaki 30, na 15 zaidi zinaamka.

Ziada ya milioni 10 imegeuka kuwa milioni 45 bila ya mtu yeyote kuleta habari mpya. Bei haitasimama mpaka iwakute wanunuzi wa kutosha, na huenda wakawa mbali.

Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza, oda ikishatekelezwa imekwisha. Ngazi iliyoguswa mara nyingi si lazima iwe imethibitika kuwa imara, huenda imetumika. Isipokuwa wanunuzi wapya wamekuja kujaza nafasi, kila mgoto unaipunguza. La pili, siku ya kuvunjika haihitaji kuwa na habari kubwa kuliko siku ya kushikilia. Yuro ilisalimika Jumatano ya takwimu kubwa za mfumuko wa bei, ikaanguka Alhamisi.

Mahali ambapo mstari ni woga tu

Tarehe 3 Oktoba 2023 dola ilivuka yeni 150 kwa mara ya kwanza katika takriban mwaka mzima, ikafika kama 150.16. Ndani ya dakika chache ikaanguka hadi karibu 147.30, kisha ikapanda tena ikielekea 149. Karibu kila mtu alidhani serikali ya Japani imeingia sokoni kununua yeni, kwa sababu ilishafanya hivyo mwaka uliotangulia dola ilipopita 150. Mwisho wa mwezi Wizara ya Fedha ya Japani ilitoa hesabu zake za kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwishoni mwa Oktoba. Kiasi kilichotumika kuingilia soko kilikuwa sifuri.

Hakukuwa na mkono wa serikali. Kulikuwa na watu na mashine zao waliokuwa wameikodolea macho namba moja, vidole vikiwa kwenye kitufe cha kuuza. Wenye dola waliokuwa na faida walikuwa tayari kuichukua kwenye 150. Waliokuwa wamechelewa kununua walikuwa na SL karibu. Na wale ambao kwa kawaida wangeweka oda za kununua chini ya hapo walijiweka pembeni, wakihofia kukanyagwa na Tokyo. Namba ya mviringo ya sifuri iliwapa wote mahali pa kuogopea kwa pamoja.

Tena, 150 ni namba ya kuvutia kwa sababu tu ya desturi ya soko kuuliza yeni ngapi kwa dola moja. Ukiigeuza ukauliza dola ngapi kwa yeni moja unapata 0.006667, namba ambayo hakuna anayeiota usiku. Ndiyo maana yuro na dola kulingana kulikuwa na mvuto wa pekee: 1.0000 ukiigeuza unapata 1.0000. Huko wanaofikiri kwa yuro na wanaofikiri kwa dola walikuwa wakitazama mstari mmoja.

Kwenye hisa

Soko la hisa lina daftari lililo wazi zaidi, na tabia hii ilionekana huko mapema. Katika miaka ya 1960 Victor Niederhoffer na M. F. M. Osborne walichunguza bei za New York, wakati hisa zilipouzwa kwa dola na sehemu za nane za dola. Oda zilijaa kwenye dola kamili, zikapungua kwenye nusu, zikapungua zaidi kwenye robo, na chache kabisa zikawa kwenye nane zilizobaki. Mwaka 2001 soko la New York lilimaliza kuhamia kwenye senti. Mrundikano haukutoweka, ulihamia kwenye senti zinazoishia na sifuri na tano.

Lakini kwenye hisa kuna kisa kinachoonyesha wazi kuwa ngazi hizi hukaa kwenye namba, wala si kwenye kampuni. Tarehe 28 Agosti 2020 hisa ya Apple ilifunga siku kwa dola 499.23, senti 77 tu chini ya 500. Siku iliyofuata ya biashara kampuni iliigawa kila hisa kuwa nne. Mwenye hisa moja ya dola 499.23 sasa alikuwa na nne za takriban dola 124.81 kila moja. Kampuni ilikuwa ileile, mali ileile, faida ileile. Lakini 500 ambayo kila mtu aliikodolea macho Ijumaa ilikuwa 125 Jumatatu, na namba za kukodolea macho zilikuwa nyingine.

Tahadhari moja hapa. Maelezo ya oda yanafaa pale ambapo oda zinaweza kuwekwa. Kipimo cha Dow Jones kilikaribia 1,000 mapema mwaka 1966, na hakikufunga siku juu ya namba hiyo hadi tarehe 14 Novemba 1972. Magazeti yaliiita ukuta. Wakati ule, hata hivyo, hapakuwa na njia ya kununua wala kuuza kipimo chenyewe. Watu walinunua hisa moja moja, kila moja na bei yake. Hakuna rundo la oda lililokaa kwenye 1,000. Mfumuko wa bei na riba za miaka ile vinaeleza mengi zaidi kuliko sifuri tatu.

SL si ahadi ya bei

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kudhani kuwa SL iliyowekwa 1.1990 inakuhakikishia kutoka kwa 1.1990. SL ni agizo la kuuza kwa bei yoyote itakayopatikana baada ya mstari kuguswa. Siku za kawaida tofauti ni ndogo. Siku ambayo si ya kawaida ilikuwa tarehe 15 Januari 2015.

Tangu Septemba 2011 Benki ya Taifa ya Uswisi ilikuwa imeapa kutoiacha yuro ishuke chini ya faranga 1.20. Mstari huu haukuwa wa mazoea tu; ulikuwa na benki kuu nyuma yake, yenye uwezo wa kuchapisha faranga bila kikomo. Watu wengi walinunua yuro juu kidogo ya 1.20 na kuweka SL chini kidogo, wakiona hatari ni ndogo mno. Asubuhi ile benki ikatangaza kuwa sera hiyo imefutwa. Mnunuzi aliyekuwa akisubiri kwenye 1.20 akaondoka kwa tamko moja, na SL zote zikaamka kwa pamoja mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kununua. Ndani ya dakika chache yuro ilikuwa chini ya faranga moja.

Hesabu yake ni hii. Aliyenunua yuro 100,000 kwa 1.2010 na kuweka SL 1.1990 alijiandaa kupoteza faranga 200. Kama mnunuzi wa kwanza aliyepatikana kwa ajili yake alikuwa kwenye 1.0000, amepoteza faranga 20,100. Wengi walikuwa wameweka amana ndogo sana ya kiasi hicho, wakajikuta wanadaiwa na madalali wao, na baadhi ya madalali wakafilisika kwa sababu madeni yale hayakulipika. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilipunguza mkopo ambao mteja mdogo anaweza kupewa na dalali, na ikaamuru asidaiwe zaidi ya fedha iliyomo kwenye akaunti yake. Mteja wa dalali aliyesajiliwa kwingineko anapaswa kuuliza kama ana kinga hiyo, na kuipata kwa maandishi.

Lipo na jambo la pili: anayejua SL ziko wapi anaweza kushawishika kwenda kuziamsha. Novemba 2014 mamlaka ya Uingereza ilizitoza benki tano jumla ya pauni bilioni 1.1 kwa makosa ya wafanyakazi wao katika soko la fedha za kigeni, na miongoni mwa yaliyoandikwa ni majaribio ya kusukuma bei ili kuamsha SL za wateja. Hiyo haimaanishi kuwa kila SL iliyoguswa imewindwa. Mara nyingi imeguswa kwa sababu mwenye nayo aliiweka palipojaa watu.

Bei mbili kwenye skrini moja

Wafanyabiashara wadogo hulalamika hivi: "TP yangu ilikuwa 1.0000, chati inaonyesha bei imefika 1.0000, lakini sijalipwa." Kwa kawaida hajaibiwa. Kila wakati kuna bei mbili: Bid, ambayo unaiuzia, na Ask, ambayo unainunulia, na Ask iko juu kidogo. Chati ya MetaTrader kwa kawaida huchora Bid. Aliyeuza yuro lazima anunue ili kufunga, na ununuzi hutazama Ask. Kama tofauti ya bei hizo ni pipsi 2, yaani 0.0002, basi Ask haiwezi kufika 1.0000 mpaka Bid, ile inayoonekana kwenye chati, iwe 0.9998. Bei ikigota 1.0000 na kugeuka, yeye ameachwa.

Ndiyo sababu wazoefu huweka TP kabla ya namba, tuseme 1.0006, wakiacha vipipsi vichache mezani ili wapate uhakika wa kutoka kabla ya umati. Na SL huiweka mbali na msongamano wa mara tu baada ya mstari, kisha wanapunguza ukubwa wa biashara ili umbali huo usizidishe hasara waliyoikubali. Anayepanua SL bila kupunguza ukubwa amehamisha tatizo tu.

Jinsi ya kujihakikishia

Jicho la binadamu hukumbuka 1.0000 iliyoshikilia na kusahau 1.0100, 1.0200 na 1.0300 ambazo bei ilizipita bila hata kusita. Kwa hiyo kabla ya kuamini, hesabu. Chukua jozi unayoifuatilia, pakua bei ya chini na ya juu ya kila siku kwa mwaka mmoja, na utazame tarakimu mbili za mwisho, yaani pipsi. Miisho iliyo karibu na sifuri, kuanzia 95 kupitia 00 hadi 05, ni 11 kati ya 100. Kwa bahati tupu, basi, takriban asilimia 11 ya vilele na vibonde vya siku vingeangukia hapo.

Ukipata asilimia 12 kwa mwaka mmoja, usishangilie. Hiyo inaweza kuwa bahati. Ukipata 20, na mwaka uliotangulia pia ukakupa karibu na hapo, una kitu. Kisha rudia kwa kundi lisilo na sababu yoyote ya kupendwa, kwa mfano miisho ya 32 hadi 42, ambayo pia ni 11. Kama nalo linakupa asilimia 20, kasoro iko kwenye hesabu yako.

Hata ukithibitisha mrundikano, umejua jambo moja tu: kwamba mahali pale patakuwa na shughuli. Haujajua itaelekea upande gani. Breki na mafuta vimewekwa karibu kiasi kwamba anayenunua kwenye mstari na anayeuza mara baada ya mstari wanaachana kwa pipsi kumi au ishirini, na kila mmoja ana mfano wake wa kuutaja. Kinachowatofautisha na wacheza kamari ni kwamba wamekwishaamua, kabla bei haijafika, watapoteza kiasi gani ikiwa ni mwenzake aliyepatia.